Inboksi imefurika ghafla barua za kujiunga nisikojiunga. Kuna muamala unafichwa humu?

NuruYaAsubuhi

Wakuu, naomba msaada wa haraka. Tangu saa nane mchana huu barua pepe zinamiminika kwenye Gmail yangu bila kukoma. Zote ni za mtindo mmoja: "Confirm your subscription", "Welcome to our newsletter", "Activate your account". Kuna ya chama cha wafugaji wa samaki wa mapambo, kuna ya duka la vipuri vya baiskeli, kuna za lugha ambazo hata herufi zake sizitambui. Sijajisajili popote. Nikifuta ishirini, zinaingia arobaini. Na kwenye nyingi naitwa jina lisilo na maana, "Hello RtqWvLzk", halafu jina hilohilo linajirudia kwenye barua za kampuni tofauti kabisa.

Niliwahi kusikia kwamba matapeli hufanya hivi ili ujumbe wa benki ukupite bila kuuona. Mpaka sasa sijaona ujumbe wowote wa benki, na ndiyo maana sina amani. Nianzie wapi? Nifute zote? Hizo linki za kujiondoa nizibonyeze?

Kipanga77

Pole dada. Hapo kuna mtu kaingia kwenye barua pepe yako akaanza kukusajili huku na kule. Badilisha pasiwedi sasa hivi, kisha chagua barua zote za leo, futa, maisha yaendelee. Mimi zikija nyingi hivyo sizisomi.

FundiSeva

Dada Nuru, usifute hata moja kwanza. Kipanga, kubadilisha pasiwedi ni ushauri mzuri, ila sababu uliyotoa siyo, na huko kufuta ndiko mtapeli anakokuomba umsaidie.

Ili kukusajili kwenye majarida elfu moja, hahitaji kuingia kwenye barua pepe yako. Anahitaji anwani yako tu. Ana boti inayopita kwenye fomu za kujiunga ambazo hazina kizuizi chochote cha kumtambua binadamu, inajaza anwani yako na jina la herufi za ovyo, kisha inaruka fomu nyingine. Hilo jina linalojirudia ni alama ya boti moja. Kila tovuti inatuma barua yake kwa nia njema kabisa, kutoka kwenye seva yake halali. Ndiyo sababu kichujio cha Spam hakizikamati: ukizitazama mojamoja, hakuna iliyo ya uongo.

Sasa jiulize kwa nini mtu ajisumbue hivyo. Mara nyingi ni kwa sababu kuna barua moja ambayo hawezi kuizuia isitumwe. Ameagiza kitu kwenye duka la mtandaoni kwa akaunti yako, au amebadilisha namba ya simu benki, au ameongeza mtu wa kutumiwa pesa. Mfumo wa duka au wa benki lazima utakuandikia. Hawezi kuifuta barua hiyo kwa sababu hayumo ndani ya inboksi yako, kwa hiyo anaizika. Angekuwa anaingia kwenye barua pepe yako, angeifuta kimya kimya na wewe usingejua lolote. Siapi kwamba hayumo, na tutakagua, lakini mafuriko yenyewe yananiambia kwamba yuko nje.

Fanya haya kwa mpangilio huu. Usianze na inboksi. Chukua kadi yako, geuza nyuma, piga namba ya benki iliyoandikwa pale. Usitumie namba iliyo kwenye barua yoyote ya leo. Waulize miamala ya leo, na usisahau ile ambayo bado inasubiri kukamilika, maana taarifa ya akaunti huwa haioneshi hiyo haraka. Kisha waulize kama leo kuna kilichobadilishwa: namba ya simu, anwani, kifaa kipya, mpokeaji mpya. Watu wengi huuliza salio tu, wanaambiwa salio liko sawa, wanakata simu. Salio linaweza kuwa sawa sasa na mtapeli akawa ameshabadilisha namba ya simu ili kesho ahamishe pesa.

Ukimaliza rudi hapa, tuitafute hiyo barua.

MzeeKhamis

Na mimi hili linanisumbua sana, kila wiki natumiwa matangazo ya viatu na safari. Hizi kampuni hazina heshima. Kuna njia ya kuyazuia yote kwa mpigo mmoja?

FundiSeva

Shikamoo mzee. Hayo yako ni matangazo ya kawaida, yanakuja machache machache kutoka kwa kampuni ulizowahi kununua kwao. Kwenye Gmail kuna kitufe cha "Unsubscribe" juu kabisa kando ya jina la mtumaji, hicho kitakufaa. La dada Nuru ni mamia kwa saa moja, na dawa yake ni tofauti, kwa hiyo naomba usimshauri abonyeze kwa sasa.

MzeeKhamis

Marahaba mwanangu. Nimeelewa, namwachia nafasi.

NuruYaAsubuhi

Nimerudi. Benki wamenisikiliza vizuri. Hakuna kilichobadilishwa, hakuna mpokeaji mpya. Miamala iliyokamilika leo naitambua yote. Nilipouliza inayosubiri, yule dada akanyamaza kidogo kisha akasema kuna pesa imeshikiliwa na duka moja la vifaa vya umeme la mtandaoni. Ni kiasi kikubwa, kinatosha simu mbili za bei ya juu. Mimi duka hilo nilinunua mara ya mwisho mwaka jana, vifaa vya masikioni tu. Kadi wameifunga.

Ila kwenye inboksi sioni barua yoyote ya hilo duka! Nimeshuka mpaka macho yanauma.

FundiSeva

Hongera kwa kuuliza hilo la kusubiri. Usiikague kwa macho, itafute kwa maneno. Weka hii kwenye kisanduku cha kutafutia:

```
in:anywhere newer_than:1d {order payment receipt shipped delivery password "security alert"}
```

Hilo `in:anywhere` ni muhimu, linapekua hadi Spam na Trash, sehemu ambazo utafutaji wa kawaida huziruka. Maneno yaliyo ndani ya mabano ya mawimbi ni "hili au lile". Kama huduma zako zinakuandikia kwa Kiswahili au lugha nyingine, ongeza maneno yao.

Kipanga77

Kuna njia fupi zaidi. Barua zote za majarida zina neno unsubscribe chini. Ziondoe zote, kitakachobaki ndicho kilichofichwa:

```
in:anywhere newer_than:1d -unsubscribe
```

Barua za benki na risiti huwa hazina hilo neno.

NuruYaAsubuhi

Ya FundiSeva imeniletea barua mia na ushee, maana hata hayo majarida yanataja "order" na "delivery" ovyo. Ya Kipanga imeniletea kama thelathini. Nimezisoma zote thelathini. Ya duka haimo!

FundiSeva

Basi tuache kubahatisha, tunalijua duka. Fungua barua yao ya mwaka jana uone waliandika kutoka anwani gani, kisha tafuta kwa `from:` ukiweka sehemu inayofuata alama ya @. Sambamba na hilo, ingia kwenye akaunti yako ya duka kwa kuandika anwani ya tovuti yao mwenyewe kwenye kivinjari. Usipitie linki yoyote. Angalia oda.

NuruYaAsubuhi

Nimeipata!! Kumbe ziko mbili. Ya kwanza ni uthibitisho wa oda, iliingia saa 8 na dakika 19. Barua ya kwanza kabisa ya haya mafuriko iliingia saa 8 na dakika 11. Yaani alianza kunimwagia, kisha akanunua. Ya pili ni ya saa 8 na dakika 26, inasema mahali pa kupokelea mzigo pamebadilishwa kuwa kituo cha kuchukulia, na jina la mpokeaji si langu.

Na sababu ya kutoonekana kwa njia ya Kipanga nimeiona: hiyo barua ya oda chini yake wameweka tangazo la bidhaa nyingine, na mwisho kabisa kuna hilo neno unsubscribe.

Kipanga77

Duh. Hilo sikulifikiria. Risiti yenye tangazo ndani.

FundiSeva

Maduka mengi siku hizi hufanya hivyo, ndiyo maana kichujio hicho kinasaidia kupunguza rundo lakini hakithibitishi kwamba hakuna kitu. Ukikikuta kitupu, usihitimishe.

Na kuna jambo jingine la kuweka akilini. Barua inaweza hata isiwe imefika bado. Inboksi ina kikomo cha kupokea. Kwa akaunti za kazini za Google, kikomo walichokiandika ni barua 60 kwa dakika na 3,600 kwa saa. Ukizidi hapo, seva yao inamwambia mtumaji ajaribu baadaye, kwa hiyo barua ya benki inaweza kuchelewa kwa sababu majarida yameziba njia. Kutafuta mara moja hakutoshi, tafuta tena baada ya saa kadhaa.

Hizo dakika ulizoandika zina thamani kubwa. Ukishaijua barua ya kwanza ya mafuriko, pitia kila kitu cha nusu saa kabla yake na saa mbili baada yake. Wengine huanza kumwaga siku moja kabla ili ukate tamaa ya kusoma, lakini mara nyingi pigo lenyewe liko karibu na mwanzo, kama lako.

Sasa oda iko hatua gani?

NuruYaAsubuhi

Imeandikwa "Preparing". Kitufe cha kufuta oda hakifanyi kazi, kimefifia.

DadaWaKadi

Habari zenu. Mimi nafanya kazi kwenye kitengo cha malalamiko ya kadi, naomba niingie hapa kwa sababu hii hatua ndiyo watu hupotezea muda.

Nuru, piga duka sasa, usisubiri barua zao za kujibiwa ndani ya siku mbili. Waambie maneno haya: akaunti yangu imeingiliwa, oda hii si yangu, simamisheni isitoke ghala. Mzigo ukiwa haujatoka, duka likifuta oda, pesa iliyoshikiliwa inaachiwa na hakuna mgogoro wa kufungua. Ukishatoka, tunaingia kwenye njia ndefu ya fomu na uchunguzi. Waombe namba ya tukio, andika na jina la uliyeongea naye na saa.

Benki haiwezi kukurudishia pesa iliyoshikiliwa tu, kwa sababu bado haijatoka. Watakwambia subiri aidha duka liiachie au muamala ukamilike, ndipo ulalamike. Hawakufukuzi, ndivyo mfumo ulivyo. Lakini tarehe na saa uliyotoa taarifa ya kwanza ihifadhi vizuri, ina uzito baadaye.

Jingine, na hili hata wenzangu kazini husahau kuwaambia wateja. Kufunga kadi na kupewa mpya hakumtoi mtu aliyemo kwenye akaunti yako ya duka. Yeye huenda hata namba ya kadi haijui, alitumia kadi iliyokuwa imehifadhiwa pale. Mitandao ya kadi ina huduma ya kuwapelekea wafanyabiashara namba mpya pale kadi inapobadilishwa, ili malipo ya kila mwezi yasikatike. Ni huduma nzuri kwa mtu anayelipia usajili. Kwako inaweza kumaanisha kwamba kadi yako mpya inajiweka yenyewe kwenye akaunti ileile iliyoingiliwa. Kwa hiyo ingia dukani, futa kadi iliyohifadhiwa, badilisha pasiwedi, toa vifaa vyote vilivyo ndani, na uangalie anwani za kupokelea mizigo kama kuna usiyoijua.

NuruYaAsubuhi

Asante sana dada. Napiga sasa.

MamaWawili

Wakati mnamsubiri, nieleze yaliyotokea kazini kwetu, huenda yakamfaa mtu. Mhasibu wetu alimiminiwa barua hivihivi asubuhi moja. Hakukuwa na muamala wowote. Baada ya muda akapigiwa kwenye Microsoft Teams na mtu aliyejitambulisha kuwa wa kitengo cha kompyuta, mpole kabisa, akasema "tumeona una tatizo la barua, nikusaidie kulisafisha". Akamwomba afungue Quick Assist, programu ya kumruhusu mtu wa mbali kuendesha kompyuta yako, na kuandika humo namba ambayo angemtajia. Bahati nzuri alikaa chumba kimoja na mtu wa kompyuta halisi, akageuka akamuuliza, "Ni wewe?"

Kwa hiyo si lazima kuna ununuzi. Wakati mwingine mafuriko yanatengenezwa ili uwe na shida, kisha anakuja mtu wa kuitatua.

FundiSeva

Mama umeleta jambo kubwa. Microsoft waliandika kuhusu mbinu hiyohiyo Mei 2024: kundi la wahalifu linamwaga barua za usajili, kisha linapiga simu likijifanya fundi, na mwisho wake ilikuwa programu ya kufunga mafaili na kudai fedha. Kwa hiyo mtu yeyote anayekupigia wakati wa mafuriko na anajua kwamba yapo, mshuku. Nani angemwambia? Kata, kisha mpigie mwenyewe fundi wenu kwa namba mnayoijua.

Kwa akaunti ya mtu binafsi mara nyingi naona mafuriko ya kuficha ununuzi, kwa ofisini mara nyingi naona ya simu za mafundi bandia. Lakini siyo sheria.

NuruYaAsubuhi

Nimerudi wakuu. Duka limesimamisha oda, wamesema haijatoka ghala. Nimepewa namba ya tukio. Pesa itaachiwa baada ya siku kadhaa, hawakutaja ngapi. Nimefuta kadi, nimetoa vifaa vyote. Kulikuwa na kifaa kimoja nisichokijua kilichoingia tangu juzi usiku.

Na kuna kitu, MamaWawili umenifanya nishtuke. Wakati naongea na duka, namba nisiyoijua ilinipigia mara mbili. Sikupokea. Kisha ikaja meseji ya namba ya uthibitisho ya tarakimu sita kutoka duka hilohilo, ambayo mimi sikuiomba.

FundiSeva

Usimpe mtu hiyo namba, hata akisema ni wa duka na anataja oda yako kwa usahihi. Anaijua oda kwa sababu aliiweka yeye. Inaelekea alijaribu kurudi ndani akakuta pasiwedi imebadilika.

Sasa tukague hilo nililoahidi, kama inboksi yenyewe ni salama. Tumia kompyuta, maana apu ya simu haioneshi yote. Kwenye Gmail shuka chini kabisa upande wa kulia, bonyeza "Details", utaona vifaa na mahali palipofungua akaunti. Kisha nenda Settings, fungua "Filters and Blocked Addresses". Hapo tafuta filta ambayo hukuitengeneza, hasa inayotaja jina la benki au duka na kuamuru barua zifutwe au ziruke inboksi. Halafu "Forwarding and POP/IMAP", uone kama barua zako zinapelekwa anwani nyingine. Pasiwedi mpya haiondoi filta wala hiyo fowadi, na watu huachiwa mlango huo miezi mingi. Mwisho kagua anwani na namba ya simu ya kurejesha akaunti.

Wanaotumia Outlook, sehemu hiyo inaitwa "Rules", na fowadi iko pembeni yake.

NuruYaAsubuhi

Filta ni zangu tu, za zamani. Fowadi imezimwa. Vifaa ni simu yangu na kompyuta yangu. Alhamdulillah. Nimebadilisha pasiwedi ya barua pepe na kuwasha uthibitisho wa hatua mbili kwa programu ya kwenye simu.

Swali la mwisho basi. Barua bado zinaingia, ingawa zimepungua. Nifanyeje nazo? Nizibonyeze unsubscribe?

Kipanga77

Hapa nadhani sasa anaweza kufuta, ameshakipata kilichofichwa.

FundiSeva

Kilichopatikana ni kimoja. Aliyeingia dukani anaweza kuwa na pasiwedi ileile ya mahali pengine. Nuru, hiyo pasiwedi ya duka uliitumia kwingine?

NuruYaAsubuhi

Kwenye huduma moja ya tiketi na nyingine ya picha. Ya barua pepe na benki ni tofauti.

FundiSeva

Nenda kwenye hizo mbili leo hii, kagua oda na kadi kama ulivyofanya dukani. Hizo barua ziache angalau wiki mbili. Badala ya kuzifuta, tengeneza filta ya kuziweka kando. Kwenye kisanduku cha kutafutia andika lile jina la boti, kwako ni:

```
"RtqWvLzk"
```

kisha bonyeza alama ya chujio, chagua "Create filter", weka "Skip the Inbox" na lebo, uiite Mafuriko au jina lolote. Hakuna mtu wa kweli atakayekuandikia kwa jina hilo, kwa hiyo ni filta safi kuliko zote. Tengeneza na ya pili kwa anwani za benki yako na maduka yako: weka nyota na uchague "Never send it to Spam". Hii ya pili nakushauri uiache milele.

Usiweke filta ya "Delete it". Na kama kuna mtu anayesoma hapa ambaye ameshafuta zote, afungue Trash haraka, Gmail huzitunza siku 30 tu.

Kuhusu unsubscribe, hizi barua ni za aina mbili. Zinazosema "Confirm" au "Activate" ziache kabisa. Tovuti yenye adabu ikikosa uthibitisho wako haiandiki tena, kwa hiyo ukibonyeza chochote ndani yake kwa haraka unaweza kujikuta umejiunga kweli. Zinazosema "Welcome" ni za tovuti zilizokuandikisha bila kukuuliza, hizo zitaendelea wiki na wiki. Mwaka 2016 kulikuwa na wimbi kubwa la mashambulizi haya, na Spamhaus, wale wanaotunza orodha za watumaji wabaya, waliziwekea vizuizi hata kampuni halali za kutuma majarida ili wateja wao waweke uthibitisho na kizuizi cha boti kwenye fomu. Baadhi ya tovuti zimesikia, nyingi bado.

Kwa hizo za "Welcome" mimi huzitia Spam.

DadaWaKadi

Hapo tunatofautiana kidogo. Kwa kampuni halali ningebonyeza kitufe cha Unsubscribe cha Gmail chenyewe, kile cha juu, siyo linki iliyo ndani ya barua. Kuwatia Spam watu ambao hawakufanya kosa naona si haki, fomu yao ndiyo iliyotumiwa vibaya.

FundiSeva

Kosa lao ni hiyo fomu iliyoachwa wazi. Mimi natunza seva, naona gharama yake kila siku. Ila kwa usalama wa Nuru, njia yako nayo haina madhara, mradi ajue kwamba kampuni ni halali. Kwa zile za lugha asizozisoma hawezi kujua.

MzeeKhamis

Samahani, naomba kuuliza kwa niaba ya mke wangu. Anatumia Outlook, na hakuna jina la ajabu kwenye barua zake, zinamwita kwa jina lake halisi. Zimeanza leo asubuhi. Nilipoingia humu nilidhani ni matangazo kama yangu, sasa nina wasiwasi.

FundiSeva

Mzee, kwanza namba ya nyuma ya kadi, hata kabla hujamaliza kusoma hapa. Aulize miamala inayosubiri na mabadiliko ya leo. Kisha maduka yote alikohifadhi kadi, moja baada ya jingine, kwa kuandika anwani mwenyewe.

Kuhusu filta, kwenye Outlook ya mtandaoni fungua Settings, kisha Mail, kisha Rules, ongeza kanuni mpya, chagua "Message header includes" na uandike:

```
List-Unsubscribe
```

Iamuru ihamishie folda ya pembeni. Majarida mengi hubeba alama hiyo kwenye kichwa cha barua ambacho msomaji hakioni. Itabeba na barua chache za maduka yake, kwa hiyo folda hiyo aipitie, asiifute. Na simu yoyote ya "fundi" leo asipokee.

MzeeKhamis

Tunapiga benki sasa hivi. Nitarudi kuwajulisha.

NuruYaAsubuhi

Mzee, sisitiza hilo la muamala unaosubiri, mimi nisingeliuliza nisingejua. Kwangu huduma ya picha iko salama. Ya tiketi imekataa pasiwedi yangu, inasema ilibadilishwa juzi. Nimeomba kuirejesha, na barua ya kurejesha haijafika bado. FundiSeva, ni kile kikomo ulichosema, au ameshabadilisha na anwani?

FundiSeva

Inaweza kuwa lolote kati ya hayo. Tafuta `in:anywhere` na jina la hiyo huduma kuanzia juzi, siyo leo, kwa sababu kifaa kigeni kiliingia dukani juzi usiku. Huduma nyingi anwani ikibadilishwa hutuma taarifa kwenye anwani ya zamani, na juzi mafuriko yalikuwa hayajaanza, kwa hiyo kama ipo utaiona haraka. Usisubiri barua ya kurejesha, wapigie.

NuruYaAsubuhi

Ipo. Ya juzi saa 5 usiku, "Your email address has been changed". Iko kwenye kichupo cha Promotions, ambacho sikifungui. Nawapigia.